Sampuli yako inakuruhusu kusema nini? Mwongozo wa kuteua kaya za utafiti

Ukisoma ripoti ya utafiti wa kaya, jambo la kwanza linalotajwa kwa fahari ni idadi ya waliohojiwa. Kaya 600, kaya 2,000, kaya 10,000. Idadi ina kazi yake, nitaifikia, lakini haisemi lolote kuhusu jambo linaloamua kama matokeo yanaaminika: kaya hizo zilipatikanaje. Namna ya kuzipata ndiyo inayoamua ni sentensi zipi unaweza kuziandika kwenye ripoti na zipi huna haki ya kuziandika, hata kama takwimu zake zinaonekana nadhifu kwenye jedwali.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni utafiti wa chanjo za watoto, kwa sababu ni eneo ambalo mbinu tatu nitakazozieleza, yaani nasibu rahisi, matabaka na vishada, hutumika kweli na makosa yake yanajulikana. Chukua wilaya ya kubuni yenye kaya 12,000 zilizo na mtoto wa miezi 12 hadi 23. Kaya 6,000 ziko mjini, 5,000 ziko vijijini, na 1,000 ziko maeneo ya mbali yasiyofikika kirahisi. Kwa kuwa wilaya ni ya kubuni, tujipe faida ambayo hakuna mtafiti aliye nayo: tunaujua ukweli. Mjini asilimia 90 ya watoto wamekamilisha chanjo, vijijini 70, maeneo ya mbali 40. Ukijumlisha ni watoto 5,400, 3,500 na 400, yaani 9,300 kati ya 12,000. Wilaya nzima ina asilimia 77.5. Tutaona kila mbinu inaukaribia vipi ukweli huo.

Hatua ya kwanza: andika sentensi kabla ya dodoso

Kabla hujaandika swali hata moja, andika sentensi utakazotaka kuzisema mwishoni, ukiacha pengo mahali pa takwimu. Kwa utafiti wetu ziwe tatu:

1. Katika wilaya nzima, asilimia ___ ya watoto wamekamilisha chanjo.
2. Katika maeneo ya mbali, asilimia ___ ya watoto wamekamilisha chanjo.
3. Kijiji cha ___ ndicho kilicho nyuma kuliko vyote.

Zinafanana kwa sura, lakini kila moja inadai sampuli ya aina yake. Ya kwanza ni nafuu. Ya pili inahitaji mpango maalumu. Ya tatu, kwa bajeti za kawaida, haiwezekani, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko siku mkuu wa idara atakapoiomba.

Hatua ya pili: kagua orodha unayochagulia

Sampuli haiwezi kuwa bora kuliko orodha ilikotoka. Ukichukua majina kwenye daftari la kliniki, umekwisha kuwaondoa watoto ambao hawajawahi kupelekwa kliniki, na hao ndio hasa unaowatafuta. Ukipiga simu, umewaondoa wasio na simu na wanaoishi pasipo na mtandao. Hata ukiteua kwa nasibu kamili ndani ya daftari hilo, unasibu wako unahusu daftari tu, na sentensi salama ni moja: "Miongoni mwa watoto walioandikishwa kliniki..." Ukiacha maneno hayo matano, umesema jambo ambalo hukulipima.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, kwa anwani zilizotolewa zaidi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi takriban milioni 2.4. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon angepata asilimia 57 na kumshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa karibu asilimia 61 ya kura. Mambo mawili yaliliponza jarida. Orodha iliegemea watu wenye uwezo wakati nchi ikiwa kwenye mdororo wa uchumi, na katika walioandikiwa, wengi hawakujibu. Waliojibu walikuwa na mwelekeo tofauti na walionyamaza. Hili la pili husahauliwa, nalo ndilo linalowasumbua zaidi watafiti wa leo.

Kwa hiyo, ukipata orodha, jiulize ni nani hayumo na kama kutokuwemo kwake kuna uhusiano na unachokipima. Kama uhusiano haupo, madhara ni madogo. Kama upo, tafuta orodha nyingine au punguza sentensi yako iwe na ukubwa wa orodha.

Hatua ya tatu: uone upendeleo ukifanya kazi

Tuseme msimamizi anawaambia wadadisi: "Hojini kaya 600 popote mtakapozipata." Wadadisi ni binadamu, wana gari moja na siku chache. Watafanya kazi kandokando ya barabara. Mwishoni unakuta asilimia 70 ya kaya ni za mjini, 29 za vijijini, na 1 ya maeneo ya mbali. Hata kama kila mzazi amejibu ukweli mtupu, hesabu inatoka hivi: 0.70 × 90, jumlisha 0.29 × 70, jumlisha 0.01 × 40, jibu ni asilimia 83.7.

Ukweli ni 77.5. Umezidisha kwa pointi 6, na hakuna aliyedanganya.

Sasa angalia kinachotokea ukiongeza idadi. Kwa kaya 600, kanuni ya kawaida inakupa kiwango cha makosa cha pointi 3 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, kwa hiyo unaripoti kati ya 80.7 na 86.7. Ukweli haumo ndani. Unaomba fedha zaidi, unahoji kaya 2,400 kwa mtindo uleule wa barabarani. Kiwango cha makosa kinashuka hadi pointi 1.5, na sasa unaripoti kati ya 82.2 na 85.2. Umezidi kuwa na uhakika wa jibu lilelile lisilo sahihi. Fedha zimenunua ujasiri tu.

Kiwango cha makosa kinachoandikwa chini ya jedwali hupima kitu kimoja: jinsi jibu lingeyumba kama ungerudia kuteua kwa nasibu mara nyingi. Upendeleo hakiuoni kabisa. Ndiyo maana mimi nikikuta kiwango cha makosa kwenye utafiti uliofanywa kwa watu waliojitokeza wenyewe mtandaoni, huwa nakiruka. Hakina maana pale.

Hatua ya nne: sampuli nasibu rahisi, kama orodha ipo

Kama unayo orodha kamili ya kaya zote 12,000, zipe namba 1 hadi 12,000, acha kompyuta iteue namba 600, kisha nenda kwenye kaya hizohizo na si nyingine. Kila kaya ina nafasi 600 kati ya 12,000, yaani asilimia 5. Hapo ndipo kanuni ya kiwango cha makosa inapopata uhalali wake. Kwa ukweli wa 77.5, kitakuwa pointi 3.3 hivi juu au chini.

Sentensi ya kwanza sasa ni salama. Vipi ya pili? Kwa wastani kaya 50 tu kati ya 600 zitatoka maeneo ya mbali. Kaya 50 zinakupa kiwango cha makosa cha karibu pointi 14, kwa hiyo jibu lako linaweza kuwa popote kati ya 26 na 54. Huwezi kuandika "asilimia 40" ukaachia hapo. Unaweza, hata hivyo, kuandika kwamba maeneo ya mbali yako nyuma ya mjini, kwa sababu pengo kati ya 90 na 40 ni kubwa kuliko mtikisiko wowote wa bahati. Kutofautisha madai haya mawili kunasaidia sana: sampuli ndogo inaweza kushindwa kutaja kiasi na bado ikaweza kuonyesha mwelekeo.

Tatizo la mbinu hii ni la kiutendaji. Orodha kamili ya kaya ni nadra, na hata ikiwepo, kaya 600 zilizotawanyika wilaya nzima maana yake ni kusafiri siku nzima kwa ajili ya mahojiano mawili au matatu. Kwa hiyo watu wengi hawaitumii kwa tafiti za kaya. Inabaki kuwa kipimo cha kulinganishia mbinu nyingine.

Hatua ya tano: gawa kwa matabaka pale unapotaka kusemea makundi

Hapa unagawa kaya kwanza katika mafungu ambayo unajua yanatofautiana (mjini, vijijini, mbali), kisha unateua kwa nasibu ndani ya kila fungu. Jerzy Neyman aliandika nadharia yake mwaka 1934, na wazo lenyewe ni jepesi: usiiachie bahati kazi ambayo unaweza kuifanya mwenyewe.

Una njia mbili za kugawa zile kaya 600. Ukizigawa kwa uwiano, yaani 300, 250 na 50, kiwango cha makosa cha wilaya kinashuka kidogo, kutoka pointi 3.3 hadi 3.1. Faida ni ndogo, na kaya za mbali bado ni 50. Njia ya pili ni kuchukua kaya 200 kila tabaka. Sasa maeneo ya mbali yana kiwango cha makosa cha pointi 7 hivi, nusu ya kile cha mwanzo, na sentensi ya pili inaandikika.

Lakini umelipia kwa kitu ambacho wengi hukisahau. Kaya za mbali ni theluthi moja ya sampuli wakati ni sehemu moja tu ya kumi na mbili ya wilaya. Ukijumlisha majibu yote 600 bila kufikiri unapata wastani wa 90, 70 na 40, yaani asilimia 66.7. Ni kosa la pointi 11 upande wa chini, kubwa kuliko lile la wadadisi wa barabarani! Sampuli ilikuwa nzuri. Hesabu ndiyo iliyoharibu.

Dawa ni uzito. Kila kaya uliyoihoji inasimama badala ya kaya kadhaa ambazo hukuzihoji. Mjini, 6,000 kwa 200, kila kaya inasimamia 30. Vijijini inasimamia 25. Maeneo ya mbali inasimamia 5. Weka namba hizo kwenye safu yake ndani ya data tangu siku ya kuteua, si siku ya uchambuzi, kwa sababu wakati huo aliyeteua atakuwa ameshahamia mradi mwingine. Ukizidisha kila jibu kwa uzito wake na kugawa jumla kwa 12,000, unarudi kwenye 77.5, na kiwango cha makosa cha wilaya ni pointi 3.4. Umeongeza moja ya kumi tu ya pointi kwenye jibu la wilaya, ukapunguza kwa nusu kwenye jibu la maeneo ya mbali. Kwa maoni yangu hakuna biashara bora zaidi katika fani hii yote.

Sharti lake ni kwamba tabaka la kila kaya lijulikane kabla ya kuteua. Huwezi kugawa kwa kipato kama kipato utakiuliza kwenye mahojiano.

Hatua ya sita: vishada, na bei yake

Mara nyingi hakuna orodha ya kaya, ila kuna orodha ya vijiji, mitaa, au maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa wakati wa sensa. Basi unateua maeneo hayo kwanza, kisha unaorodhesha na kuteua kaya ndani ya yale yaliyoangukiwa tu. Kila eneo ni kishada. Safari zinapungua sana, na ndiyo sababu tafiti kubwa za kaya duniani, zikiwemo zile za afya na idadi ya watu zinazojulikana kama DHS, hufanywa hivi.

Tuseme unataka vishada 30, kaya 20 kila kimoja. Ukiteua vishada kwa kura ya kawaida, kijiji chenye kaya 90 na chenye kaya 250 vitakuwa na nafasi sawa, na ukichukua kaya 20 kila kimoja, mtu wa kijiji kidogo atakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuhojiwa. Ili kusawazisha, teua vishada kwa uwezekano unaolingana na ukubwa. Panga maeneo yote kwenye orodha na ujumlishe kaya kadiri unavyoshuka. Gawa 12,000 kwa 30. Hatua yako ni 400. Teua namba moja ya nasibu kati ya 1 na 400. Tuseme imetoka 137. Namba zako ni 137, 537, 937, na kuendelea hadi 11,737.

Orodha inaanza hivi:

```
Eneo   Kaya   Jumla    Namba zake   Limeteuliwa?
A      100    100      1-100        hapana
B      250    350      101-350      ndiyo (137)
C      180    530      351-530      hapana
D       90    620      531-620      ndiyo (537)
```

Eneo C ni kubwa mara mbili ya D lakini limerukwa. Ni sawa. Usilirudishe kwa sababu "lina watu wengi" au kwa sababu diwani amelalamika. Ukianza kurekebisha kura, kura imekwisha. Eneo lenye kaya zaidi ya 400 ligawe vipande kabla ya kuanza, la sivyo linaweza kuangukiwa mara mbili.

Angalia hesabu inavyojisawazisha. Eneo B lina nafasi 30 × 250 / 12,000, yaani asilimia 62.5, na kaya ndani yake ina nafasi 20 kati ya 250, asilimia 8. Zidisha: asilimia 5. Eneo D lina nafasi ya asilimia 22.5, na kaya zake 20 kati ya 90. Zidisha: asilimia 5 tena. Kila kaya wilayani ina nafasi ileile, na uzito ni 20 kwa wote. Hata hivyo, sensa huzeeka. Ukifika D ukakuta kaya zimekuwa 125, ukateua 20, uzito wa kaya za D si 20 tena; ni karibu 28. Andika idadi uliyoikuta uwanjani na urekebishe uzito kwa idadi hiyo.

Sasa bei. Watu wa kijiji kimoja hufanana: wana zahanati moja, barabara moja, muuguzi mmoja. Ukishahoji kaya 10 za kijiji hicho, ya 11 inakuambia machache mapya. Kipimo cha kufanana huko huandikwa rho, na hasara yake hukadiriwa kwa kanuni inayohusishwa na mtakwimu Leslie Kish:

```
deff = 1 + (m - 1) * rho
```

Hapa deff ni athari ya mpango wa sampuli, namba unayogawia sampuli yako ili kupata thamani yake halisi, na m ni idadi ya kaya kwa kishada. Tuseme rho ni 0.1. Kwa kaya 20, deff ni 2.9. Gawa 600 kwa 2.9: kaya zako 600 zina thamani ya kaya 207 zilizoteuliwa kwa nasibu rahisi, na kiwango cha makosa cha wilaya ni karibu pointi 5.7, si 3.3. Ungechukua vishada 60 vya kaya 10, ungekuwa na deff ya 1.9 na pointi 4.6. Ungejibana kwenye vishada 10 vya kaya 60, deff ingepanda hadi 6.9 na kiwango cha makosa pointi 8.8. Kaya ni 600 mara zote tatu. Ukipewa nafasi ya kuongeza kitu kimoja, ongeza vishada, usiongeze kaya ndani ya kishada.

Mpango wa zamani wa Shirika la Afya Duniani wa kupima chanjo unaonyesha hesabu hii ikitumika. Ulikuwa na vishada 30, watoto 7 kila kimoja, jumla 210. Lengo lilikuwa kiwango cha makosa cha pointi 10. Kwa nasibu rahisi, katika hali mbaya kabisa ya asilimia 50, watoto 96 wangetosha. Wakachukulia deff ya 2, ikawa 192, na 30 × 7 ikaivuka kidogo. Kwa hiyo 210 ilitosha kwa sentensi ya aina ya kwanza, yenye pointi 10 juu au chini. Haikukusudiwa kuonyesha kwamba chanjo imepanda kutoka 74 hadi 79, ingawa ripoti nyingi ziliisoma hivyo.

Udhaifu wake mwingine ulikuwa ndani ya kijiji. Mdadisi alisimama katikati, akazungusha chupa au kalamu kupata mwelekeo, akahesabu nyumba hadi ukingoni, akateua moja kwa nasibu, kisha akaendelea na mlango ulio karibu hadi atimize watoto 7. Inaonekana ya haki. Lakini nyumba zilizo katikati ziko kwenye njia nyingi zaidi kuliko za pembezoni, kwa hiyo zilipata nafasi kubwa zaidi, na kwa kawaida katikati ndiko kulikokuwa na huduma. Zaidi ya hapo, hakuna aliyejua nafasi ya kaya yoyote kuteuliwa, kwa hiyo uzito haukuweza kukokotolewa. Mwongozo wa shirika hilo wa 2018 umeachana na mtindo huo. Unataka kaya ziorodheshwe au kuchorwa kwenye ramani, kisha ziteuliwe kwa nasibu ofisini, kabla mdadisi hajaondoka.

Vipi sentensi ya pili, ile ya maeneo ya mbali? Kwa vishada 30 vilivyoteuliwa kwa ukubwa, maeneo ya mbali yatapata viwili au vitatu. Hata kama vina kaya 40 au 60 jumla, jibu linategemea vijiji viwili au vitatu. Vikitokea vyote viko jirani na zahanati, umepotoka. Ukitaka kuyasemea, unganisha mbinu: gawa matabaka kwanza, kisha lipe kila tabaka vishada vyake, tuseme 10 kila moja, na utumie uzito.

Hatua ya saba: linda kura ukiwa uwanjani

Mdadisi anabisha hodi, hakuna mtu. Jirani yupo kibarazani na mtoto wake, yuko tayari kuongea. Ukimruhusu mdadisi achukue jirani, sampuli yako inageuka polepole kuwa ya watu wanaoshinda nyumbani mchana. Mama anayeondoka alfajiri huenda ndiye aliyekosa siku ya kliniki. Weka kanuni: kurudi angalau mara tatu, saa tofauti, mojawapo jioni au mwisho wa wiki. Akikosekana, andika "hakupatikana" na usijaze pengo. Kama unatarajia asilimia 10 watakosekana, teua zaidi tangu ofisini.

Baadaye fanya jaribio rahisi la kujitisha. Tuseme umepata 450 kati ya 600, na 360 kati yao wamechanjwa, asilimia 80. Chukulia wale 150 wote hawakuchanjwa: 360 kwa 600 ni asilimia 60. Chukulia wote wamechanjwa: 510 kwa 600 ni asilimia 85. Hizo ndizo kingo ambazo data peke yake inazithibitisha. Chochote chembamba kuliko hapo kinasimama juu ya dhana kuhusu walionyamaza. Ukweli huwa ndani zaidi ya kingo, lakini kama uamuzi wako ungebadilika kati ya 60 na 85, bado kazi haijaisha.

Hatua ya nane: ieleze kompyuta jinsi ulivyoteua

Programu ya takwimu hudhani kila kaya imeteuliwa kwa nasibu rahisi. Usipoiambia vinginevyo, itakupa wastani bila uzito na kiwango cha makosa cha pointi 3.3 wakati halisi ni 5.7, na tofauti zisizokuwepo zitaanza kuonekana "dhahiri kitakwimu". Kwenye programu ya R, kifurushi `survey` kinafanya kazi hii. Safu ya `chanjo` iwe 0 au 1:

```
library(survey)
d <- svydesign(ids = ~kishada, strata = ~tabaka,
               weights = ~uzito, data = kaya, nest = TRUE)
svymean(~chanjo, d, deff = TRUE)
svyby(~chanjo, ~tabaka, d, svymean)
```

Mstari wa `svymean` utakupa asilimia ya wilaya, ikiwa imeandikwa kwa desimali, pamoja na deff yake halisi, ambayo sasa huhitaji kuikisia. Ihifadhi, ndiyo utakayoitumia kupanga utafiti ujao. Ukiletewa data na mtu mwingine isiyo na safu za kishada, tabaka na uzito, ziombe kabla ya kuanza. Bila hizo, asilimia unaweza kuzitaja kama maelezo ya waliohojiwa, basi.

Rudi sasa kwenye sentensi zako. Ya kwanza iandike na kiwango chake cha makosa, orodha iliyotumika, na asilimia ya waliokosekana. Ya pili iandike kama maeneo ya mbali yalikuwa tabaka lenye vishada vya kutosha. Ya tatu ifute. Kijiji chenye kaya 20 zilizohojiwa na asilimia 70 ya chanjo kina kiwango cha makosa cha pointi 20, kwa hiyo ukivipanga vijiji 30 kwa mfuatano, cha kwanza na cha mwisho vitakuwa vimewekwa pale kwa sehemu kubwa na bahati. Tena vijiji ambavyo havikuteuliwa havimo kabisa kwenye mpangilio, na kilicho nyuma kuliko vyote kinaweza kuwa miongoni mwao. Mkuu wa idara akiisisitiza sentensi hiyo, mweleze kwamba inahitaji kumbukumbu za chanjo za kila kijiji au kuhesabu watoto wote, ambavyo ni kazi nyingine yenye bajeti nyingine.